Chembe za Mwanga Zinapojikusanya Kuwa Nembo

Ufunuo wa nembo ni kipande kifupi cha video, kwa kawaida cha sekunde 3 hadi 8, kinachoanza bila kitu cha kutambulika na kuishia na nembo ya kampuni, kikundi au kipindi ikiwa imetulia katikati ya kioo. Huwekwa mwanzoni mwa video za mafunzo, mwishoni mwa matangazo, au kwenye televisheni kabla ya kipindi kuanza. Mtindo mmoja unaopendwa sana ni ule wa chembe za mwanga. Kioo ni cheusi, chembe chache zinazong'aa zinaelea, zinaongezeka, zinavutwa kuelekea katikati, kisha zinatua kila moja mahali pake na kuwa umbo moja lisilo na makorokoro. Siku hizi kipande cha namna hii huweza kutengenezwa kwa kuandika maelezo na kuyaingiza kwenye programu ya akili unde inayozalisha video. Maelezo hayo ndiyo agizo, na wengi huyaita kwa jina la mkopo, prompti.

Agizo la aina hii huonekana jepesi, lakini matokeo ya mara ya kwanza aghalabu huwa na kasoro ileile: chembe zinapendeza, nembo si yenyewe. Duara limekuwa yai, mistari mitatu imekuwa minne, na pembeni kumejitokeza herufi ambazo hakuna aliyeziomba. Chanzo cha kasoro hiyo ni jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Anayekielewa chanzo hicho huacha kuongeza sifa kwenye agizo lake na huanza kuligawa upya: lipi aiachie programu, na lipi alishike mwenyewe.

Chembe za hesabu na chembe za kukisia

Kabla ya akili unde, chembe katika filamu zilitengenezwa kwa hesabu. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1982, katika filamu ya pili ya Star Trek, ambapo ukuta wa moto unaenea juu ya sayari nzima. William Reeves wa kampuni ya Lucasfilm ndiye aliyebuni mfumo uliotumika, na mwaka 1983 alichapisha maelezo ya mbinu hiyo. Wazo lake lilikuwa kwamba vitu visivyo na kingo dhahiri, kama moto, moshi na mawingu, haviwezi kuchorwa vizuri kwa mistari na maumbo. Badala yake kompyuta hupewa chembe nyingi, na kila chembe huwa na mahali ilipo, kasi, mwelekeo, rangi na umri. Katika kila fremu kompyuta huzisogeza chembe zote, huzaa mpya na kuziondoa zilizofikia mwisho wa umri wake. Programu za michoro mijongeo zinazotumiwa na mafundi wa televisheni hadi leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Katika mfumo huo, kuzifanya chembe zitue kuwa nembo ni kazi yenye uhakika. Fundi huipa kila chembe anwani yake: chembe hii itaishia kwenye ukingo wa duara, ile itaishia kwenye ncha ya tanga. Kompyuta haina njia ya kukosea, kwa sababu umbo la mwisho limekwisha andikwa kabla chembe hazijaanza safari.

Programu za akili unde kama Runway, Kling, Luma Dream Machine, Sora na Veo, ambazo zilienea kuanzia miaka ya 2023 na 2024, hazihesabu chembe hata moja. Huanza na chenga tupu, mfano wa zile za televisheni isiyo na mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka picha zitokee. Katika kila hatua programu hukisia ni picha gani inafanana na maelezo yaliyoandikwa, kwa kutegemea video nyingi ilizofunzwa nazo. Inaposoma "chembe za dhahabu", haiziundi chembe na kuzipa anwani. Inachora kitu kinachofanana na chembe za dhahabu zilizowahi kuonekana kwenye video nyingine.

Tofauti hiyo ina matokeo mawili. La kwanza ni zuri: vitu vinavyosambaa na kupeperuka, kama cheche, vumbi na ukungu, programu hizi huvichora kwa ustadi, kwa sababu hakuna anayeweza kusema cheche fulani imekosea mahali. La pili ni baya: umbo kamili lenye vipimo, na hasa herufi, huwa la kubahatisha. Jicho husamehe cheche elfu zilizopotea njia, lakini haliwezi kusamehe duara lililobonyea. Kwa hiyo agizo lenye busara huiachia programu mwendo na mwanga, na umbo hulitoa kwenye faili halisi la nembo.

Kuiandaa nembo

Nembo itakayotumika katika maelezo haya ni ya kubuni: alama ya kikundi cha wavuvi, yenye duara la mstari mmoja, ndani yake tanga la pembe tatu, na chini ya tanga wimbi moja. Ni maumbo matatu tu, na huo ni karibu ukomo wa kile ambacho chembe zinaweza kukieleza kwa sekunde chache. Kama nembo halisi ina jina la kikundi, mwaka wa kuanzishwa na kaulimbiu, vyote hivyo huondolewa kwenye picha itakayoingizwa kwenye programu. Jina litaongezwa baadaye kwenye programu ya kuhariri video, likiwa maandishi safi.

Picha huandaliwa kwa ukubwa uleule wa video inayotakiwa, kwa mfano pikseli 1920 kwa 1080 kwa video ya kulala. Nembo huwekwa katikati kabisa, na kimo chake kisizidi nusu ya kimo cha picha, yaani pikseli 540. Nafasi inayobaki pembeni si ya urembo, bali ndiyo uwanja wa chembe. Nembo ikijaa kioo kizima, chembe hazina pa kutokea, na programu hulazimika kuigeuza nembo yenyewe badala ya kuikusanya.

Mistari myembamba nayo ni hatari. Mstari wa pikseli 2 au 3 huwa mwembamba kuliko chembe zinazotakiwa kuujenga, hivyo umbo hukatikakatika. Kwa nembo ya pikseli 540, mstari wa pikseli 14 hadi 18 hutosha. Mandhari ya nyuma hupakwa rangi moja ya giza iliyo tambarare, kwa mfano `#070B14`, ambayo ni nyeusi yenye dalili ya bluu, na nembo hupakwa dhahabu ya `#F2B84B`. Giza lenye kufifia kutoka katikati kwenda pembeni huonekana la kuvutia kwenye kompyuta ya fundi, lakini huleta tatizo litakaloelezwa mbele.

Kwa nini nembo huombwa ivunjike

Kuna njia tatu za kuifikisha nembo mwisho wa video. Ya kwanza ni kuandika maneno peke yake, bila picha yoyote. Njia hii hufaa tu pale ambapo nembo bado haipo na mtu anatafuta wazo, kwa sababu hakuna maelezo ya tanga na wimbi yatakayotoa tanga na wimbi vilevile mara mbili.

Ya pili ni kuiwekea programu picha ya kuanzia na picha ya mwisho. Programu kadhaa huruhusu hivyo. Picha ya kuanzia huwa ni giza, ya mwisho huwa ni nembo, na programu hutakiwa kujaza safari iliyo katikati. Tatizo ni kwamba giza tupu halina kitu cha kuunganishwa na nembo. Mara nyingi programu huchagua njia ya mkato: hurusha chembe chache hewani, kisha huifanya nembo ijitokeze polepole nyuma yake kama picha inayofifishwa kuingia. Chembe zimepita, nembo imekuja, lakini hakuna chembe iliyogeuka kuwa nembo. Kasoro hii hutambuliwa kwa kusimamisha video katikati ya safari. Kama kwenye fremu hiyo nembo nzima inaonekana kwa kufifia, chembe hazikujenga kitu. Picha ya kuanzia yenye nukta za dhahabu zilizotawanyika hupunguza tatizo, ingawa haliondoi kabisa.

Njia ya tatu ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi, na inakwenda kinyumenyume. Programu hupewa nembo kama picha ya kuanzia, kisha huagizwa iivunje kuwa chembe zitakazosambaa na kutoweka gizani. Video ikishapatikana, hugeuzwa icheze kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kilichokuwa kuvunjika huwa kukusanyika, na fremu ya kwanza, ambayo ndiyo inayofanana zaidi na faili halisi, huwa fremu ya mwisho. Njia hii inaegemea uwezo halisi wa programu hizi: kuanza na picha sahihi na kuiharibu ni rahisi kwao, kuliko kuanza na vurugu na kufika kwenye picha sahihi. Isitoshe, video za vitu vinavyovunjika, kumwagika na kupeperuka ni nyingi duniani, ilhali za vumbi linalojikusanya lenyewe ni chache.

Agizo lenyewe

Mtu asiyezoea huandika hivi: "Ufunuo wa nembo wa kuvutia sana, wa kisasa, wenye chembe nzuri za ajabu." Hakuna neno hata moja kati ya hayo linaloweza kuonekana kwenye kioo. Programu haijui chembe ziende wapi, kwa mwendo gani, wala kamera ifanye nini, hivyo hujaza mapengo kwa mazoea yake: kamera huizunguka nembo, mwanga mkali hulipuka katikati, na nembo hugeuka kuwa ya chuma.

Kwa nembo ya wavuvi na njia ya kinyumenyume, agizo huweza kuwa hivi:

"Nembo ya dhahabu imetulia katikati ya mandhari nyeusi. Kingo za nembo zinaanza kumeguka polepole kuwa chembe ndogo za mviringo zenye mwanga laini wa dhahabu. Chembe zinaachana na umbo moja baada ya nyingine, zinashuka taratibu na kusambaa, mwendo ukiongezeka kidogo kidogo. Umbo lote linaisha kuwa chembe, chembe zinafifia, giza linabaki. Kamera imetulia. Mandhari ni nyeusi, tambarare, isiyobadilika."

Sentensi ya kwanza inasema kile ambacho tayari kiko kwenye picha. Inaonekana ya ziada, lakini inaifunga programu kwenye nembo hiyo na kuipa muda mfupi wa utulivu, ambao baada ya kugeuzwa utakuwa ule wakati nembo inakaa ikisomwa na mtazamaji. Sentensi ya pili na ya tatu zinaeleza mwendo kwa vitenzi, na ndimo ufundi wote ulimo, kwa sababu kila kinachoandikwa hapo kitaonekana kinyume chake.

Kwanza ni mwendo. Kitu kinacholipuka huanza kwa kasi kubwa, kisha hupunguza kadiri hewa inavyokikinza. Kikigeuzwa, huanza taratibu na kuishia kwa kishindo: chembe zinaingia kwenye nembo kwa kasi na kusimama ghafla, na jicho hupata hisia ya kugonga ukuta. Kinachotakiwa ni kutua. Ili chembe zitue taratibu mwishoni, ni lazima zimeguke taratibu mwanzoni na kuongeza mwendo baadaye. Ndiyo maana agizo lina maneno "polepole" na "mwendo ukiongezeka kidogo kidogo", na halina neno "lipuka" popote.

Pili ni upande wa juu na wa chini. Chembe zinazoanguka, zikigeuzwa, hupanda. Agizo hili limeziamuru chembe zishuke ili katika video ya mwisho ziinuke kutoka chini kama vimulimuli na kukusanyika kwenye tanga. Anayetaka chembe ziteremke kutoka juu ataandika kwamba zinapanda.

Tatu ni mkia wa mwanga. Chembe inayokimbia huachwa na mkia nyuma yake. Video ikigeuzwa, mkia hutangulia mbele na chembe hufuata. Wengi hawajui wanaona nini, ila huona kuna kitu hakiko sawa. Neno "za mviringo" limewekwa kwa sababu hiyo, kwani nukta ya duara haina mbele wala nyuma. Nne ni kufifia, na hapa ugeuzaji husaidia: chembe zinazozimika moja moja gizani, zikigeuzwa, huwaka moja moja kutoka gizani, na hivyo ndivyo ufunuo mzuri unavyotakiwa kuanza.

Sentensi za mwisho zinahusu vitu visivyotakiwa kusogea. Zimeandikwa kwa kusema kinachotakiwa, si kwa kukataza. Agizo lisemalo "kamera isizunguke" huweza kuleta kamera inayozunguka, kwa kuwa neno "zunguka" ndilo lililosikika. "Kamera imetulia" haina mtego huo. Vivyo hivyo, hakuna haja ya kuandika "bila herufi". Kama nembo iliyoingizwa haina herufi na agizo halizitaji, nafasi ya kujitokeza kwake hupungua. Baadhi ya programu zina kisanduku cha pembeni cha mambo yasiyotakiwa, na huko ndiko marufuku hukaa bila madhara.

Programu nyingi huelewa Kiswahili kwa viwango tofauti. Ikiwa agizo limeeleweka nusu, hutafsiriwa kwenda Kiingereza sentensi kwa sentensi, kwa mpangilio uleule. Mpangilio ndio wenye uzito: kilicho mwanzoni, kinachotokea, kinachobaki, kisha kamera na mandhari.

Kugeuza na kukata

Video ya sekunde 5 yenye fremu 24 kwa sekunde ina fremu 120. Programu ya kuhariri video huigeuza kwa kubonyeza sehemu moja, na anayetumia kompyuta bila programu hiyo anaweza kutumia ffmpeg, ambayo ni ya bure:

```
ffmpeg -i kuvunjika.mp4 -vf reverse -an kukusanyika.mp4
```

Sehemu ya `reverse` hugeuza mpangilio wa fremu, na `-an` huondoa sauti, kwani sauti iliyozalishwa pamoja na video huwa ya ajabu ikisikika kinyume. Amri hii huzishika fremu zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa pamoja, jambo lisilo na shida kwa kipande cha sekunde 5, ila lisilofaa kwa filamu ndefu.

Baada ya kugeuza, nembo inayoonekana mwishoni inakaribia kuwa sahihi, lakini bado ni mchoro wa programu. Rangi huweza kuwa imesogea, na ukingo wa wimbi kulegea. Kwa hiyo hatua ya lazima ni kuweka faili halisi la nembo juu ya video, mahali palepale na kwa ukubwa uleule, na kuliingiza kwa kufifisha katika nusu sekunde ya mwisho ya mwendo. Kama picha ya kuanzia iliandaliwa kwa vipimo vilivyotajwa, viwili hivi hulaliana bila kusogezwa. Faili halisi huachwa likae sekunde 1 hadi 2 zaidi, na jina la kikundi huongezwa hapo.

Hatua hiyo pia ndiyo kipimo cha ubora. Faili halisi likiwekwa juu ya fremu ya mwisho na kupunguzwa uzito hadi nusu, tofauti zote hujitokeza kama kingo mbili. Kingo zikipishana kwa pikseli chache, kufifisha kutazificha. Zikipishana kiasi cha kuonekana kama nembo mbili, video hiyo hutupwa na kuzalishwa nyingine, kwa sababu mtazamaji ataona nembo inaruka.

Yanayoharibika gizani

Mandhari nyeusi huficha mengi, lakini ina ugonjwa wake. Video ya kawaida ina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. Mandhari inayofifia kutoka ngazi ya 10 hadi ya 26 katika upana wa pikseli 1920 ina hatua 16 tu, na kila hatua huwa na upana wa pikseli 120. Kinachoonekana si kufifia laini bali ni mistari mipana iliyopangana kama ngazi. Kwenye kompyuta mchana haionekani. Kwenye simu yenye mwanga mkali ndani ya chumba chenye giza huonekana wazi. Dawa ni mandhari ya rangi moja tambarare, au kuongeza chenga laini sana juu ya video wakati wa kuhariri ili mipaka ya ngazi ivunjike.

Tatizo la pili ni ubanaji. Njia za kawaida za kubana video, kama H.264, hupunguza ukubwa wa faili kwa kutumia tena sehemu za fremu iliyopita ambazo hazijabadilika. Chembe nyingi zinazosogea kila moja upande wake huinyima njia hiyo kitu cha kutumia tena. Video ikitumwa kwa WhatsApp, ambayo huibana upya, chembe ndogo huyeyuka na kuacha vigae vya mraba vinavyotetema. Kwa video itakayosambazwa kwa simu, chembe chache kubwa hushinda maelfu ya chembe ndogo, na kwenye agizo neno "ndogo" hubadilishwa kuwa "kubwa kiasi, chache". Jaribio la kweli ni kujitumia video hiyo, kuifungua kwenye simu ya bei nafuu na kuitazama.

Tatizo la tatu ni mmweko. Programu nyingi hupenda kumalizia kutua kwa mwanga mkali unaowaka na kuzimika. Mmweko mmoja hauna neno. Inayorudiwa kwa haraka inaweza kumdhuru mtazamaji mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, na miongozo ya kimataifa ya upatikanaji wa tovuti inataka kitu chochote kisimweke zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja.

Weusi wa mandhari una faida moja katika uhariri. Programu hizi kwa kawaida hutoa video isiyo na uwazi, yaani weusi wake huziba kilicho nyuma. Lakini zikiwekwa juu ya video nyingine kwa mtindo wa mchanganyiko unaoitwa `Screen`, sehemu nyeusi haziongezi kitu na mwanga peke yake hubaki. Hivyo chembe zilezile zinaweza kupita juu ya picha ya bahari au ya soko bila kukatwa. Kwa matumizi hayo mandhari iwe nyeusi kabisa, `#000000`, kwani hata bluu hafifu ya `#070B14` itaacha utando juu ya picha.

Kurekebisha bila kubahatisha

Mara chache jaribio la kwanza hukubalika. Kosa la kawaida ni kuandika agizo lote upya kila mara, kwa sababu hapo haijulikani ni neno gani lililoleta mabadiliko. Pale programu inapoonyesha namba ya `seed`, ambayo huamua chenga za kuanzia, namba hiyo huachwa ilivyo na sentensi moja tu hubadilishwa. Chembe zikitua kwa kishindo, hurekebishwa sentensi ya mwendo. Nembo ikivunjika kama kioo badala ya kumeguka, huangaliwa kitenzi. Nembo ikijipinda kabla ya kumeguka, sentensi ya kwanza huongezewa kwamba imetulia kwa sekunde moja. Programu haishiki sekunde kwa usahihi, lakini hufuata mfuatano wa matukio. Kamera ikisogea licha ya kuagizwa itulie, tatizo mara nyingi liko kwenye picha: nembo yenye vivuli na mng'ao wa chuma huonekana kama kitu halisi kilicho mbele ya kamera, na programu hushawishika kukizunguka. Nembo bapa ya rangi moja huondoa kishawishi hicho.

Njia hii ina mipaka. Haifai kwa nembo yenye maandishi marefu, wala pale ambapo kila chembe inapaswa kufuata njia maalumu, kwa mfano chembe za kijani zijenge tanga na za bluu zijenge wimbi bila kuchanganyika. Kazi ya namna hiyo bado ni ya mfumo wa chembe za hesabu, na fundi wa michoro mijongeo huimaliza kwa uhakika ambao agizo halina. Kwa nembo ya maumbo mawili au matatu, agizo la sentensi sita, picha iliyoandaliwa kwa vipimo na faili halisi lililowekwa juu mwishoni vinatosha.